Watu kumi na mmoja wa benki moja

Nilianza kazi ya masoko katika kampuni ya sabuni na mafuta ya kula, ambako mafanikio yalipimwa kwa wingi: maduka mangapi yamepokea mzigo, watu wangapi wamesikia tangazo la redio, katoni ngapi zimetoka ghalani. Mwaka 2021 nilihamia kampuni ndogo ya Dar es Salaam inayotengeneza programu ya usuluhishi wa miamala kwa ajili ya benki, nami nikahama na mazoea yangu yote.

Ni vyema nieleze kwanza programu yenyewe inafanya nini, kwa sababu yote yatakayofuata yanategemea hilo. Mteja wa benki akihamisha fedha kutoka kwenye akaunti yake kwenda kwenye simu, muamala huo huandikwa katika mfumo mkuu wa benki, huandikwa tena katika mfumo wa kampuni ya simu, na pengine hupita pia kwenye TIPS, mfumo wa malipo ya papo kwa papo wa Benki Kuu ya Tanzania. Siku ikifungwa, kumbukumbu hizo zinapaswa kukubaliana. Zisipokubaliana, huenda kuna mtu ambaye akaunti yake imekatwa na simu yake haijapokea kitu, na lazima mfanyakazi fulani akae atafute kosa lilipo. Programu yetu hulinganisha kumbukumbu hizo na kuonyesha miamala iliyokwama pamoja na sababu inayodhaniwa. Si bidhaa ya kununuliwa na mtu wa mtaani. Benki zenye ukubwa wa kubeba mkataba wetu wa miaka mitatu zilienea kwenye ukurasa mmoja wa daftari, na nafasi ikabaki.

Hata hivyo, mwaka wangu wa kwanza niliuendesha kana kwamba nauza sabuni. Tulikodi kibanda katika mkutano wa wataalamu wa teknolojia ya fedha, tukagawa kalamu na mifuko ya nguo, tukajazisha fomu. Nilirudi ofisini na majina 212, nikayapanga vizuri kwenye jedwali na kumkabidhi mwenzangu wa mauzo, mzee wa makamo ambaye alikuwa amefanya kazi benki kwa miaka mingi kabla ya kujiunga nasi. Aliyasoma yote, jina kwa jina, kisha akaniambia kwa upole, “Dada, hawa wote ni watu wazuri, lakini hakuna hata mmoja anayeweza kutia saini.” Walikuwa wanafunzi, washauri, watu wa kampuni shindani, na wachache wa benki ambao kazi zao hazikuhusiana kabisa na usuluhishi. Jedwali lile halikufunguliwa tena.

Ndipo tukageuza kazi. Badala ya kutangaza kwa wengi na kusubiri nani atajitokeza, tuliamua kuandika sisi wenyewe majina ya benki tunazozitaka, kuzichunguza moja moja, na kuandaa kila kitu kwa ajili ya benki hiyo na watu wake. Wenzetu wa fani hii huiita kazi hiyo masoko ya akaunti teule. Jina ni jepesi kuliko kazi yenyewe, na ugumu wa kwanza ulikuwa kuchagua.

Bosi wetu alitaka tuanze na benki kubwa kuliko zote. Mwenzangu alipinga, na nadhani alikuwa sahihi: ukubwa unaonyesha kama mteja anaweza kulipa, lakini hauonyeshi kama anaumwa. Tukaanza kutafuta dalili za maumivu katika mambo ambayo benki huyatoa hadharani zenyewe. Benki zetu huchapisha taarifa za fedha kila robo mwaka magazetini, na katika orodha ya mali humo kuna mistari miwili ambayo msomaji wa kawaida huipita tu: hundi na malipo yaliyo njiani kukamilishwa, na fedha zilizo kati ya tawi na tawi. Mistari hiyo ikipanda robo baada ya robo huku biashara yenyewe haijakua kwa kiwango hicho, inawezekana kuna miamala inayokaa bila kusuluhishwa. Nasema inawezekana, kwa sababu kiasi kikubwa kinaweza pia kuwa ni malipo halali yaliyotokea siku ya kufunga hesabu, na tuliwahi kumkasirisha ofisa mmoja wa fedha kwa kumtajia namba yake kana kwamba tumemfumania. Tangu hapo tulitumia namba hizo kuamua nani wa kumfuata, wala si kumwonyesha mwenyewe.

Dalili ya pili ilikuwa matangazo ya kazi. Benki inayotangaza nafasi nne za maofisa wa usuluhishi kwa mkupuo inakueleza hali ya chumba chake cha nyuma kuliko ripoti yoyote. Ya tatu ilikuwa ushirikiano mpya na kampuni ya simu, au kubadilishwa kwa mfumo mkuu, mambo ambayo benki hujitangazia kwa fahari na ambayo huzalisha miamala isiyokubaliana kwa miezi mingi baadaye.

Kuondoa majina kulikuwa na faida kuliko kuyaongeza. Benki moja kubwa ya wenye mitaji ya nje tuliifuta siku tulipothibitisha kwamba mifumo yake hununuliwa makao makuu, nje ya nchi, na kwamba ofisi ya Dar es Salaam inaruhusiwa kutoa maoni tu. Nyingine ilikuwa imetoka kusaini mkataba wa miaka mitano na mshindani wetu; hiyo tuliiandikia tarehe ya kuirudia, mwaka mmoja na nusu kabla mkataba huo haujaisha, tukaiacha ipumzike. Tulibaki na majina sita, na kati ya hayo mawili tu ndiyo tuliyoyapa kazi kamili. Mimi na mwenzangu tusingeweza kuhudumia zaidi. Kumwandalia mteja mmoja kwa namna hii kulikula karibu siku mbili za kila wiki yangu, na kama mkataba ungekuwa wa thamani ndogo, hesabu isingelipa.

Benki ya kwanza kati ya hizo mbili tuliipoteza, na namna tulivyoipoteza ndiyo iliyonifundisha kazi.

Tulimpata mtu tuliyemwona kuwa mlango wetu: mkuu wa huduma za kidijitali, kijana mwerevu, aliyeelewa programu yetu tangu dakika za kwanza. Kwa miezi mitano ya mwaka 2022 tulikutana naye mara saba. Alijibu barua pepe siku hiyo hiyo. Alikuja kwenye maonyesho ya mfumo akauliza maswali mazuri, akasema wazi kwamba anautaka. Kila Jumatatu nilimwandikia bosi kwamba benki hiyo iko karibu. Kisha mwezi Desemba jambo letu lilipelekwa kwenye kamati yao ya TEHAMA, na baada ya hapo ukimya ukaingia. Wiki tatu baadaye tulipata barua fupi ya kushukuru.

Nilimwomba yule kijana tukutane kwa kahawa, bila kuuza chochote, anieleze tu kilichotokea. Alikuwa muungwana, akanieleza. Mkuu wa usalama wa mifumo aliuliza taarifa za wateja zitakaa wapi na nani wa kampuni yetu ataweza kuziona, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilikuwa imeshapitishwa na kila benki ilikuwa inajiandaa nayo, ijapokuwa ilianza kutumika Mei 1, 2023. Mtu wa vihatarishi aliuliza itakuwaje kampuni yenye wafanyakazi wasiozidi ishirini ikifungwa katikati ya mkataba. Halafu meneja wa shughuli za nyuma, yaani kazi za benki ambazo mteja hazioni, mtu ambaye sisi hatukuwahi hata kulijua jina lake, akasema kwamba watu wake wanaifanya kazi hiyo kwa majedwali ya Excel na hawajalalamika. “Nilikuwa na kipeperushi chenu,” kijana aliniambia. “Swali la kwanza nilijibu kwa kubahatisha, la pili nikasema nitauliza, la tatu nikakaa kimya.”

Kipeperushi chenyewe nilikuwa nimekitengeneza mimi: slaidi 24, picha za skrini za kuvutia, ukurasa mzima juu ya historia ya kampuni yetu. Kilikuwa kizuri mikononi mwa mtu wetu wa mauzo aliyesimama mbele ya wasikilizaji. Lakini uamuzi ulifanyika katika chumba ambacho sisi hatukuwemo, na mtu aliyetutetea humo aliingia mikono mitupu. Nilikuwa nimetumia miezi mitano kumshawishi mtu ambaye alikuwa ameshawishika tangu siku ya kwanza.

Nilipopitia kumbukumbu zetu, dalili zilikuwa wazi tangu mwezi wa pili. Kijana alikuja mikutanoni peke yake kila mara. Hakuna barua pepe hata moja ambayo alimwongeza mwenzake. Tulipomwuliza hatua inayofuata, alisema wako kwenye mchakato, bila tarehe wala jina la mtu. Tulihesabu baadaye kwamba jambo kama letu lingegusa watu wapatao kumi na mmoja ndani ya benki kabla saini haijawekwa, na sisi tulikuwa tumezungumza na wawili, wa pili akiwa katibu muhtasi wake.

Kwa benki ya pili tulianza Februari 2023, na tulianza na bango kitita ukutani kwa ofisi yetu. Mwenzangu, kwa kuwa alizijua benki kutoka ndani, alichora viti kumi na kimoja: mkuu wa huduma za kidijitali, meneja wa shughuli za nyuma, msimamizi wa dawati la usuluhishi, mkuu wa TEHAMA, mkuu wa usalama wa mifumo, vihatarishi, ukaguzi wa ndani, sheria, manunuzi, mkurugenzi wa fedha na mkurugenzi mtendaji. Chini ya kila kiti tuliandika mambo mawili: swali ambalo mtu huyo ataulizwa na bosi wake kuhusu sisi, na kama anaweza kuzuia jambo hata asipoweza kuliidhinisha. Safu hiyo ya pili ilitushtua. Wenye uwezo wa kusema ndiyo walikuwa watatu. Wenye uwezo wa kusema hapana walikuwa tisa.

Kosa nililofanya mapema lilikuwa kudhani kwamba matangazo ya kulipia yangetufikisha kwao. Niliweka tangazo kwenye LinkedIn nikilenga wafanyakazi wa benki hiyo wenye vyeo fulani, na mfumo ukakataa kwa kuwa hadhira ilikuwa ndogo mno. LinkedIn huhitaji hadhira ya watu wasiopungua 300 ili tangazo liendeshwe. Nikapanua vigezo hadi namba ikatimia, na fedha za mwezi mzima zikaenda kwa wahudumu wa dirishani na maofisa mikopo wa mikoani. Ukiwa na watu kumi na mmoja, simu na miguu ni nafuu zaidi. Jambo jingine la aibu: nilichapisha jalada zuri lenye nembo ya benki yao kando ya yetu, nikidhani ni heshima. Idara yao ya sheria ilitupigia simu kutuuliza ni nani aliyeturuhusu kuitumia.

Kilichofungua milango kilikuwa tukio la nje. Machi 2023 mtandao wa SWIFT, unaobeba ujumbe wa malipo kati ya benki za nchi mbalimbali, ulianza kuhamia kwenye muundo wa ujumbe wa ISO 20022 kwa malipo ya kuvuka mipaka, kwa kipindi cha mpito kilichopangwa kuisha Novemba 2025. Watu wa TEHAMA wa benki walikuwa wamelemewa na kazi hiyo na hawakutaka kusikia habari ya mfumo mwingine. Badala ya kulazimisha, niliandika maelezo ya kurasa tatu juu ya jambo moja tu: taarifa za ziada zinazobebwa na muundo mpya zinavyobadilisha kazi ya usuluhishi, ni sehemu zipi za ujumbe zinazofaa kutumiwa kulinganisha, na ni zipi ambazo benki nyingi huziacha tupu kwa mazoea. Programu yetu haikutajwa. Tukaalika watu tisa wa benki hiyo kwenye kifungua kinywa cha saa moja na nusu, wakaja sita, na miongoni mwao alikuwamo mwenye kiti kile ambacho katika benki ya kwanza hatukukijua kabisa: meneja wa shughuli za nyuma. Yeye ndiye aliyekubali tuketi na timu yake nusu siku.

Nusu siku hiyo niikumbukayo zaidi ilianza saa mbili asubuhi. Dawati lao la usuluhishi lilikuwa na watu wanane. Siku ya kawaida ilileta miamala kama 60,000 kati ya benki na kampuni za simu, na fomula za Excel ziliweza kulinganisha asilimia 98.5 bila shida. Iliyobaki ilikuwa 900. Tukauliza muamala mmoja uliokwama huchukua muda gani kuutatua, tukaambiwa dakika nne kwa wastani. Mimi nilikuwa na kikokotoo mkononi na furaha isiyofichika: 900 mara dakika nne ni saa 60, yaani watu saba na nusu, na mfumo wetu, kwa majaribio tuliyoyafanya kwa sampuli waliyotupa ikiwa imefutwa majina, ungetatua theluthi mbili. Zingebaki kesi 300, saa 20, watu wawili na nusu. Niliona tayari kichwa cha habari cha waraka wangu: watu watano waokolewa.

Msimamizi wa dawati, mama mtulivu ambaye alikuwa amekaa kwenye kiti hicho kwa muda mrefu, alisubiri nimalize kisha akaniambia, “Mwanangu, hizo 600 mtakazozichukua ni zile rahisi. Hizo sisi tunamaliza moja kwa dakika mbili. Hizo 300 mtakazotuachia ndizo zinazokula dakika nane.” Tukahesabu upya pamoja naye. Kesi 600 kwa dakika mbili ni saa 20; kesi 300 kwa dakika nane ni saa 40; jumla ni zile zile saa 60. Wastani wa dakika nne ulikuwa kweli, lakini uokoaji wetu ulikuwa saa 20, si 40. Nusu ya kile nilichokuwa karibu kukiandika kwa herufi nene.

Tungeweza kuandika namba kubwa, na huenda mkurugenzi wa fedha asingegundua. Lakini mama yule angegundua, na kamati ingemuuliza yeye. Tuliandika saa 20, tukaeleza kwa nini si 40, na tukaweka jina la cheo chake kama chanzo cha hesabu, kwa ruhusa yake. Zaidi ya hapo, tuliacha kabisa habari ya kupunguza watu. Tulimwuliza yeye angezitumia vipi saa hizo 20, akajibu bila kufikiri: zile kesi ngumu hukaa hadi siku ya nne kabla ya kuguswa kwa sababu rahisi zinajaza asubuhi nzima, na wateja wake wa siku ya nne ndio wanaopiga simu wakilia. Hilo ndilo likawa dai letu kuu: kesi ngumu zianze kushughulikiwa siku ile ile. Hakuna mtu wa dawati lile aliyekuwa na sababu ya kuliogopa.

Baada ya hapo kazi yangu ya masoko ilifanana zaidi na kazi ya karani kuliko ya mtu wa matangazo. Nilimwomba mkuu wa huduma za kidijitali wa benki hii ya pili anionyeshe waraka wowote wa zamani, usio wa siri, unaoonyesha jinsi benki yao inavyoandika maombi kwa kamati: vichwa vyake, urefu wake, mpangilio wa hesabu. Kisha nikamwandalia rasimu ya kurasa mbili kwa umbo hilo hilo, bila nembo yetu na bila sifa, ili aihariri kwa maneno yake na kuweka jina lake. Kwa mkuu wa usalama niliandaa majibu ya maswali ambayo yalituangusha mara ya kwanza: seva zitakaa ndani ya jengo la benki, nani wa kwetu ataingia na kwa kibali gani, kumbukumbu za kuingia zitahifadhiwa muda gani. Kwa vihatarishi tulikubali kuweka nakala ya msimbo wa programu kwa mtu wa tatu, ili tukifungwa benki iweze kuendelea. Jambo hilo lilimgharimu bosi wetu usingizi wa siku kadhaa, lakini swali la ukubwa wa kampuni yetu halina jibu jingine la kweli.

Kuna mpaka hapa ambao ni vizuri kuutaja. Kumsaidia mtu aandike hoja yake ni tofauti na kumwandikia vigezo vya zabuni vinavyotufaa sisi peke yetu, na tofauti hiyo haina budi kulindwa, hasa kwa taasisi za umma, ambazo mwaka wao wa fedha huanza Julai 1 na ununuzi wao hupitia NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi kwa njia ya mtandao. Huko tangazo la zabuni likishatoka, mazungumzo ya pembeni yamekwisha. Kama hawakukujua kabla, unabaki kuwa mmoja wa wanaojaza fomu. Zawadi nazo tulizifuta zote. Hata kalamu.

Kalenda ya benki ndiyo iliyotuamulia mwendo. Benki yetu hii hufunga mwaka Desemba, idara zake hupeleka maombi ya bajeti kati ya Agosti na Septemba, na bodi hupitisha mwishoni mwa mwaka. Waraka usiokuwamo Septemba husubiri mwaka mzima, au huombaomba fedha zilizobaki kwa wengine. Wetu uliingia katika wiki ya mwisho. Kabla yake niliacha kumripotia bosi idadi ya waliofungua barua pepe au kutembelea tovuti. Nilimpa karatasi moja yenye viti kumi na kimoja, nani tumeshazungumza naye, swali gani la nani bado halina jibu la maandishi, na ni hatua gani inayofuata upande wa benki, yenye tarehe na jina. Mwezi Juni viti vitano vilikuwa na alama. Septemba vilikuwa vinane. Bosi alinung'unika kwamba karatasi haina grafu.

Mwezi Novemba mkuu wa huduma za kidijitali alihamishiwa kitengo kingine. Kama ingekuwa mwaka uliotangulia, hadithi ingeishia hapo. Mrithi wake alipoitisha mafaili na kuuliza mradi huu ni wa nani, aliyejibu alikuwa msimamizi wa dawati la usuluhishi: “Ni wetu.” Nililisikia hilo kwa mwenzangu siku kadhaa baadaye, na nikiri kwamba nilitoka nje kwa muda kidogo. Mkataba ulisainiwa Aprili 2024, miezi kumi na minne tangu bango kitita lilipochorwa, ukiwa mdogo kuliko tulivyoomba: kampuni za simu kwanza, kadi na mashine za kutolea fedha baada ya mwaka mmoja, ikiwa zile saa 20 zitaonekana. Baada ya miezi sita zilionekana saa 17. Tulipeleka namba hiyo ilivyo.

Upungufu wa njia hii nauona kila mwezi ninapotazama mapato yetu. Wateja wawili wakubwa hubeba karibu kampuni nzima, na mmoja wao akichelewa kulipa, mishahara hutetemeka. Masoko ya akaunti teule hayana dawa ya hilo. Pengine huzidisha ugonjwa, kwa sababu kila saa unayompa mteja mmoja humnyimi mwingine tu, bali unajinyima wewe pia nafasi ya kutafuta wa tatu. Mwenzangu anasema tungekuwa na majina sita yaliyo hai badala ya mawili, tungelala vizuri zaidi. Kwa watu wawili tulio nao, hatujapata namna.

Miezi michache iliyopita ile benki ya kwanza ilitangaza gazetini nafasi mbili za maofisa wa usuluhishi. Nilikata tangazo lile nikalibandika ukutani, juu ya bango jipya lenye viti kumi na kimoja. Kiti cha mkuu wa huduma za kidijitali nimekiacha tupu kwa sasa. Simu ya kwanza niliyoipiga ilikwenda kwa meneja wa shughuli za nyuma, yule aliyesema watu wake hawajalalamika, kumuuliza tu kesi zao ngumu huguswa siku ya ngapi. Alikaa kimya kidogo, kisha akaniambia nimpigie tena Alhamisi, baada ya saa kumi.